Mama anajibu "ndiyo" kwa kila kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji jambo linaloninyima usingizi. Waliowahi kuuguza mzazi wa kitandani wanishauri mapema, maana kikao cha familia yetu kimepangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda, Morogoro, pamoja na binti yangu wa kidato cha tatu. Mama yetu ana miaka 81. Mwaka jana mwezi wa nane alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno karibu yote yamempotea. Tangu atoke hospitali yuko kwangu. Tumezaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam na mdogo wetu wa kike ameolewa Dodoma. Kaka anataka mama ahamishiwe kwenye nyumba ya kulipia ya kulelea wazee huko Dar. Mama mdogo hataki hata kulisikia. Anasema ukoo mzima utasema tumemtupa dada yake.

Mchana tunamudu. Cherehani iko barazani, namsikia akigonga kikombe. Shida ni usiku. Tuliambiwa asilalie upande mmoja zaidi ya saa mbili, kwa hiyo anageuzwa saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi na alfajiri. Chini yake tunatandika khanga mbili zilizokunjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani. Mimi nashika upande mmoja, binti yangu mwingine, tunamwinua kwa pamoja, kwa sababu ngozi ya mzee ukiiburuta kwenye shuka inachubuka. Kisha mto mmoja mgongoni, wa pili katikati ya magoti, wa tatu chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Saa nane binti hupitiwa na usingizi akiwa ameshika khanga, na asubuhi ana shule. Siku hizi zamu ya saa kumi naifanya peke yangu, na mgongo wangu umeshaanza kunidai.

Mwezi wa tatu msichana aliyekuwa akitusaidia aliondoka. Usiku kadhaa nililala moja kwa moja mpaka adhana. Jumatano moja, nikimwogesha mama, niliona doa mwisho wa uti wa mgongo, pale mfupa unapogusa godoro. Halikuwa jekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu. Ilikuwa imekoza weusi kuliko ya pembeni, ina joto, na nikibonyeza palikuwa pagumu na rangi haibadiliki. Jirani alinishauri nipakande kwa mafuta ya nazi, nikapakanda siku mbili. Muuguzi aliponikuta alinizuia: nyama ya pale imeshakosa damu, ukiisugua unaimaliza kabisa. Baada ya wiki palifunguka, upana wa sarafu ya shilingi mia mbili. Miezi miwili tulisafisha na kufunga mpaka pakaziba. Kaka anasema kidonda kile ndicho ushahidi wake, na sina la kumjibu, kwa sababu kilitokea nyumbani kwangu, mikononi mwangu.

Nilianza kwa kuuliza ustawi wa jamii kuhusu makazi ya wazee ya Fungafunga, ambayo yako hapa hapa Morogoro. Nilielezwa kwa upole kwamba makazi ya serikali ni ya wazee wasiojiweza wasio na mtu wa kuwatunza, na mama ana watoto watatu. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee atunzwe na familia yake kwanza, makazi yawe hatua ya mwisho. Imebaki nyumba ya kulipia: laki tisa kwa mwezi, nepi na dawa mbali. Kaka anaweza laki tano, zilizobaki tugawane mimi na mdogo wangu. Nilimwambia kwamba kwa laki tano zake peke yake ningepata mtu wa mchana na mwingine wa usiku. Akaniuliza nani atawafundisha kumgeuza mama, na wakiondoka kama yule wa kwanza, nani atashika zamu wiki hiyo. Ni swali la haki.

Tulikwenda kuiona nyumba hiyo. Ni safi, haina harufu ya mkojo, vitanda vinapanda na kushuka, na nilimwona mhudumu akimlisha bibi mmoja uji mzito akiwa amemkalisha wima, bila haraka. Hilo lilinigusa, kwa sababu mama hupaliwa na maji na tumeshaogopeshwa kuhusu chakula kuingia mapafuni. Miguuni mwa kila kitanda kuna karatasi ya kugeuzwa, yenye saa, upande, na sahihi. Tulifika saa nne asubuhi. Kwenye karatasi ya yule bibi, saa sita mchana na saa nane zilikuwa zimeshajazwa na kutiwa sahihi. Nilimwonyesha kaka. Akasema huenda ni haraka ya kazi, na kwamba mimi sina hata karatasi. Niliuliza usiku wanalala wahudumu wangapi. Wawili, kwa wazee kumi na wanne. Nimekuwa nikipiga hesabu hiyo tangu siku ile. Ikiwa nusu yao ni wa kugeuzwa, wale wawili hawakai chini usiku kucha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Kaka alimwinamia mama akamuuliza, "Mama, utakwenda kukaa Dar, karibu na mimi?" Mama akasema, "Ndiyo." Kaka alifuta machozi, akasema mama mwenyewe ameamua. Alipoondoka nikamuuliza, "Mama, ubaki hapa kwangu?" Akasema, "Ndiyo." Nikauliza kama leo ni sikukuu. "Ndiyo." Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba kiharusi cha namna hii kinaweza kumwachia mtu neno moja linalotoka kwa kila swali, hata pale anapotaka kukataa. Alitufundisha tusimuulize la ndiyo au hapana, bali tumwekee vitu viwili aguse kwa mkono wa kushoto, tuanze na jambo ambalo jibu lake tunalijua. Nilimwekea kitana na kijiko, nikamwambia anataka kula. Akagusa kijiko. Nikabadilisha pande, akakigusa tena. Siku tatu mfululizo hakukosea.

Basi nikamwekea picha, moja ya nyumba yangu, nyingine ya ile nyumba ya Dar. Hakugusa yoyote. Alinyoosha mkono hadi kwenye albamu iliyokuwa mapajani mwangu, akaweka kidole juu ya nyumba yao ya Mgeta, aliyojenga na baba, na akakiacha hapo. Kesho yake nilirudia, akafanya vile vile. Mgeta amebaki baba mdogo, mwenye miaka 75, na mvua za masika zikikaza barabara ile haipitiki kirahisi na mgonjwa.

Kwa hiyo naomba kujua mambo mawili. Aliyewahi kuweka mtu wa usiku nyumbani kwa mzazi, alimfundishaje, na alijuaje kama kweli anageuza? Na aliyewahi kuombwa na mzazi jambo lisilowezekana kama la Mgeta, alimjibuje? Kaka bado anaamini ile "ndiyo", na mimi sijapata moyo wa kumwonyesha ile picha.

Mtoto wa kati,
Kihonda, Morogoro