Nyama ya mchuzi imekuwa ngumu? Usiitoe jikoni bado

Lalamiko tunalolisikia mara nyingi hapa buchani ni hili: "Nimeichemsha saa nzima, bado inavutika kama mpira." Kabla ya kumlaumu ng'ombe, huwa tunauliza mambo mawili: ulichukua sehemu gani, na moto ulikuwaje?

Saa moja ndiyo wakati mbaya kuliko wote wa kuionja nyama ya muundi. Nyuzi zake zinaanza kujikaza na kukamua maji mapema, joto likiwa kwenye nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Ule utando mweupe unaozishikilia, pamoja na kano, bado haujalegea. Utando huo huyeyuka taratibu joto linapopita nyuzi 70, na hufanya hivyo vizuri zaidi kwenye 85 hadi 95. Ukishayeyuka unakuwa ute unaoupa mchuzi uzito na kuilainisha nyama. Kazi hiyo inataka muda, na kuongeza moto hakuipunguzi sana: sufuria iliyo wazi haipiti nyuzi 100 hata ikitokota kwa fujo. Utaishia kukausha mchuzi na kuchakaza nje ya vipande.

Chukua kilo moja ya muundi, ukate vipande vya sentimita 4 hivi. Vidogo zaidi hukauka. Mimina maji yafunike nyama, yachemke, engua povu, kisha teremsha moto mpaka uone viputo vichache tu vikipanda kimoja kimoja. Funika. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Baada ya saa moja uma utagoma kuingia. Saa mbili zikifika utaingia, lakini kipande kitang'ang'ania ukitaka kuuchomoa. Kati ya saa mbili na nusu na tatu unaingia na kutoka bila kuvuta kitu, na ile kano iliyokuwa nyeupe inakuwa ang'avu na laini. Ng'ombe mzee huchukua muda zaidi, kwa sababu utando wake umekomaa. Sufuria ya presha hupita nyuzi 100, ndiyo maana dakika 45 hivi zinaweza kutosha.

Wengi hutuomba "nyama safi isiyo na kano" kwa ajili ya mchuzi. Tutakukatia, lakini kwa maoni yetu unajinyima. Paja na sarara havina utando mwingi wa kuyeyuka, kwa hiyo ukivipika saa tatu vitachambuka nyuzi nyuzi huku vikiwa vikavu mdomoni. Hapo hakuna dawa. Kwa mchuzi omba muundi, shingo au kidari.

Kwa hiyo nyama ikikataa, iangalie kwanza. Ikiwa inavutika na haitaki kuachana, haijaiva. Rudisha kwenye moto mdogo na uijaribu tena baada ya nusu saa. Ikiwa inachambuka lakini ni kavu, sehemu uliyochukua haikuwa ya mchuzi. Ichambue uirudishe ndani ya mchuzi wake, angalau itaunyonya kidogo.