Jumamosi: tuchore mlipuko wa kipindupindu
Habari zenu wapendwa. Tunakutana Jumamosi saa 3 asubuhi, darasani kwetu. Tutachora grafu ya nguzo ya mlipuko wa Mtaa wa Broad, London, 1854.

1. Leteni rula na karatasi ya grafu. Mstari wa chini ni tarehe mgonjwa alipoanza kuharisha, si aliyofika hospitali. Tukikosea hapo, kilele kinasogea.

2. Nguzo zinaonyesha insidensi, yaani wagonjwa wapya tu. Prevalensi ni wote wanaoumwa siku hiyo, hata walioanza juzi.

3. Mpini wa pampu ya maji ya mtaa huo, iliyoshukiwa kueneza ugonjwa, ulitolewa Septemba 8, nguzo zikiwa zimeshaanza kushuka. Je, ndio uliozima mlipuko? Hapo nataka tukae sana.

Tafadhali thibitisheni kabla ya Ijumaa jioni, nitoe nakala za kutosha.