Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: ruzuku ya unga isiishie mlangoni mwa kiwanda

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kabla hujatia saini mpango wa kuwauzia wasagaji nafaka ya akiba kwa bei ya chini, kwa matumaini kwamba unga utashuka bei dukani. Nimefanya uhasibu wa kiwanda cha kusaga nafaka kwa miaka mingi, na ninachokuomba ni kwamba uangalie mahali fedha zitakapoingilia. Katika ruzuku ya chakula, mahali hapo huamua nani ananufaika kuliko hata kiasi chenyewe cha fedha.

Tuseme mfuko wa unga unauzwa 100 sokoni, nawe unampa mwoka mikate kwa 20 ili auze mkate kwa bei nafuu. Akiuoka wote, baada ya kulipa kuni, umeme na vibarua, anabaki na faida ya 15. Usiku anakuja mtu na gari mlango wa nyuma, anampa 70 kwa mfuko huohuo. Faida ni 50, bila kuwasha tanuri. Hapo hata mtu mwaminifu hujikuta akipiga hesabu. Asubuhi mkate unakwisha mapema, foleni inakuwa ndefu, na wananchi wanadhani nchi haina unga, ilhali unga umepita mlango mwingine tu.

Hayo ndiyo yaliyoitesa Misri kwa miaka mingi. Mkate wa ruzuku uliuzwa piasta 5, yaani sehemu tano za mia za pauni ya Misri, kwa zaidi ya miaka 30, na unga ulikuwa ukipewa viwanda vya mikate kwa bei ya chini sana. Sehemu yake ilitoroshewa soko la magendo. Na kwa kuwa mkate wenyewe ulikuwa rahisi kuliko chakula cha mifugo, wako waliowalisha mifugo wao. Bei ilipoachana na gharama, mkate uliacha kuwa chakula cha mtu peke yake.

Mwaka 2014 Misri ilihamisha ruzuku. Mwoka mikate alianza kununua unga kwa bei kamili, kisha akalipwa tofauti kwa kila mkate uliosajiliwa kwenye kadi ya mteja. Kila mtu aliyeandikishwa alipata haki ya mikate 5 kwa siku, na asiyeimaliza aliweza kugeuza iliyobaki kuwa pointi za kununulia vyakula vingine. Mlango wa nyuma ukapoteza faida yake, maana mfuko uliouzwa gizani ulikuwa umenunuliwa kwa bei kamili. Pointi nazo zilimpa mteja sababu ya kutochukua mkate asioutaka.

Hata hivyo shimo lilibaki. Waoka mikate walikuwa na kadi za dhahabu za kuwauzia watu wasio na kadi zao, na mauzo hayo hayakuwa na mteja wa kuhakikiwa. Serikali ilipopunguza kiwango cha kadi hizo hadi mikate 500 kwa siku, Machi 2017, watu waliokosa mkate waliingia mitaani. Nataja hili kwa sababu mlango wa dharura ni lazima uwepo, lakini wale wanaoutegemea kihalali wasajiliwe kwanza ndipo ubanwe.

Ukitaka kujua kama unga unavuja, huhitaji jeshi la wakaguzi. Kilo 100 za unga hutoa takriban kilo 130 za mkate, kwa sababu ya maji. Mkate ukiwa wa gramu 90, huo ni zaidi kidogo ya mikate 1,400. Chukua mifuko aliyopewa mwoka mikate, linganisha na mikate aliyouza, kisha tazama mita yake ya umeme na mafuta ya tanuri. Mikate ikihesabiwa mingi huku tanuri likiwa limetumia mafuta ya siku mbili kwa wiki, jibu unalo. Pima na mkate wenyewe, kwani uzito ndio bei isiyoandikwa. Misri yenyewe iliupunguza kutoka gramu 110 hadi 90 mwaka 2020, bila kugusa zile piasta 5.

Sasa kuhusu mpango wako. Ukiwapa wasagaji wakubwa nafaka rahisi, nani atauona unafuu? Kaya maskini hainunui pakiti yenye nembo kila siku. Hununua nafaka kidogo kidogo, ikaipeleka kwenye mashine ya mtaani, au hununua unga wa kupimwa kwa kikombe kulingana na fedha ya siku hiyo. Zambia iliuza mahindi ya akiba ya serikali kwa wasagaji kwa bei ya chini ya gharama, hadi ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 2013. Unafuu haukufika wote kwa mlaji. Ushindani ukiwa mdogo, msagaji hana sababu ya kuuachilia. Wakati huohuo mwenye mashine ndogo anayeitegemea nafaka ya sokoni hana mgawo, na wateja wake ndio maskini uliowalenga.

Hata pale unafuu unapofika kwa haki, hufuata kilo. Kaya tajiri ikila kilo 12 kwa mwezi na maskini ikila 10, tajiri amepata ruzuku kubwa zaidi. Ni kweli kwamba hizo kilo 10 zina uzito mkubwa zaidi kwenye kipato cha maskini, na sipendi hoja hiyo ipuuzwe, kwani kuondoa ruzuku ghafla humwumiza yeye kwanza. Januari 1977 Misri ilitangaza kupunguza ruzuku, ghasia zikalipuka, na uamuzi ukabatilishwa ndani ya siku chache. Machafuko yale yaliifanya bei ya mkate iogopwe kwa miongo.

Na woga huo una gharama kwenye bajeti. Bei ya dukani ikigandishwa, kila mabadiliko ya bei ya ngano duniani na ya thamani ya sarafu huangukia Hazina. Misri ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya ngano yake Urusi na Ukraina, vita vikaja mwaka 2022. Ilipopandisha mkate hadi piasta 20, Juni 2024, serikali yake ilisema gharama halisi ni karibu piasta 125. Hata bei ilipofika mara nne ya ile ya zamani, mlaji alikuwa bado analipa chini ya moja ya sita ya gharama hiyo.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye hayumo kwenye waraka wako, naye ni mfanyabiashara mdogo anayenunua nafaka wakati wa mavuno na kuihifadhi hadi miezi ya uhaba. Akihisi kwamba serikali inaweza kumwaga akiba yake sokoni wakati wowote kwa bei ya chini ya aliyonunulia, hatahifadhi. Msimu wa mavuno mkulima hukosa mnunuzi, na miezi ya uhaba ghala lililobaki ni la serikali peke yake.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, wasagaji wanunue nafaka kwa bei kamili, na fedha za unafuu zifike kwa kaya zilizoandikishwa, kwa simu au kwa kadi, ili anayenunua kikombe apate sawa na anayenunua pakiti. Akiba iuzwe kwa kanuni iliyotangazwa kabla ya mavuno, ikitaja bei itakayofungua maghala na kiasi kitakachotoka. Kiwango cha malipo kipitiwe kila robo mwaka, na tarehe ya kusitisha iandikwe kwenye waraka huohuo. Kama uandikishaji haujakamilika, nakuomba uanze nao bila kusubiri. Mgawo wa viwandani ndio uweze kusubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhasibu mstaafu wa kiwanda cha kusaga nafaka