Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Darasa la Kisomo la Jioni

Ndugu wanachama, mama zangu na dada zangu,

Mkutano mkuu uliopita ulileta mapendekezo matatu: tuisheni ya jioni kwa watoto wetu, darasa la mtihani wa maarifa (QT) kwa walioacha sekondari, na kisomo kwa wanachama wasiojua kusoma. Kamati ilianza na kisomo, kwa sababu wapo kati yetu wanaotia dole gumba kwenye mikopo wasiyoweza kuisoma. Taarifa hii inahusu zaidi darasa hilo.

Tulianza na wanachama 22. Mwalimu wetu ni mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi. Wiki za mwanzo walisoma ubaoni a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima likaitikia vizuri. Mwalimu alipochanganya silabi kwenye vikadi na kumwonyesha kila mmoja peke yake, wengi walinyamaza. Walikuwa wamekariri wimbo, herufi hawazijui. Tangu hapo hatumhesabu mtu kuwa anasoma mpaka asome neno ambalo hajawahi kuliona darasani.

Mwalimu akabadili njia. Alichukua neno la kikoba, *deni*, akalikata: de, ni. Kutoka hapo wakajifunza da, de, di, do, du na na, ne, ni, no, nu. Kwa silabi hizo kumi na irabu tu, wanafunzi wenyewe waliunda *dona*, *nane*, *idadi*, *nunua* na *dunia*. Yalikuwa maneno wanayoyatumia sokoni kila siku, kwa hiyo mtu alirudi kesho yake akiwa na hamu ya neno jingine. Ugumu ulikuja baadaye, kwenye *mchele*, ambapo m inasimama bila irabu, na kwenye kutofautisha *ngoma* na *ng'ombe*. Hapo tulikaa muda mrefu, na ni sawa.

Hesabu ilitushangaza. Hakuna anayeweza kuwapunja mama hawa chenji, maana kichwani wanapiga hesabu haraka kuliko mimi. Lakini ukiwaambia waandike elfu tatu mia mbili, wanaandika 3000200, kama wanavyoitamka. Dawa yake ilikuwa kuchora safu za maelfu, mamia, makumi na mamoja, na kuweka tarakimu moja tu katika kila safu.

Jambo ninaloomba mlishike zaidi ni macho. Wanachama kadhaa wa umri wa zaidi ya miaka 40 walitaka kuacha, wakisema vichwa vyao vimezeeka. Mwalimu aliona kwamba wanalisogeza daftari mbali, na kwamba nje juani wanasoma kile ambacho chini ya taa kinawashinda. Tuliwapeleka kupimwa, na waliopewa miwani ya kusomea walirudi darasani wakaendelea na wenzao. Umri huo macho ya karibu hupungua kwa karibu kila mtu. Mwaka huu macho yapimwe kabla ya somo la kwanza.

Tuliomaliza nao ni 14. Wengi walioacha waliondoka msimu wa machungwa ya Muheza, wakati biashara inakwenda mpaka usiku. Napendekeza msimu huo darasa lipumzike rasmi, ili mtu asijione ameshindwa na kuona haya kurudi.

Matunda nimeyaona mezani kwetu. Mwezi uliopita mwanachama mmoja alipokea kitabu chake cha hisa, akakitazama kabla ya kuondoka, akamwambia katibu, "Hapa umeandika hisa tatu, mimi nimenunua nne." Zilihesabiwa upya, zikawa nne.

Kuhusu fedha: mwalimu analipwa shilingi 10,000 kwa kipindi, vipindi vitatu kwa wiki, yaani 30,000. Wanafunzi 14 wakichanga 1,000 kila mmoja kwa wiki, tunapata 14,000. Pengo la 16,000 linazibwa na mfuko wa jamii. Tukipandisha ada, wa kwanza kuondoka watakuwa wale tuliolifungulia darasa hili, kwa hiyo kamati inaomba mfuko uendelee kulipa.

Darasa la QT tusilifungue mwaka huu. Mtihani huo ni wa masomo ya sekondari na unahitaji walimu wa masomo, nasi tuna mwalimu mmoja wa kisomo. Usajili wa Baraza la Mitihani hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, hivyo anayetaka aanze kujiandaa mapema. Kamati itamwelekeza kwenye kituo kilichosajiliwa. Tuisheni ya watoto ijadiliwe leo, ila isitumie saa wala chumba cha kisomo. Mama mtu mzima hatajaribu kusoma kwa sauti mbele ya mwanawe.

Naomba mkutano upige kura juu ya mambo matatu: kupima macho, likizo ya msimu wa machungwa, na 16,000 za kila wiki.

Mwenyekiti