Namba moja, watoto watatu: laki nne za mama ziende kwa nani?

Mtoto wa darasa la kwanza alisimama getini, begi mgongoni, na chiti ya ada mkononi. Mama yake, anayeuza mitumba hapa Busia, alifika mbio akiwa amefungua simu yake kwenye ujumbe wa malipo: shilingi 400,000, zimepokelewa siku sita zilizopita. Pesa zilikuwa zimefika kweli. Lakini kwenye orodha ya wadaiwa tuliyoichapa asubuhi ile, mbele ya jina la mtoto huyo paliandikwa kuwa amelipa sifuri, na mbele ya jina la kaka yake wa darasa la nne pia paliandikwa sifuri. Zote laki nne zilikuwa zimeingia kwa dada yao wa darasa la saba.

Sisi ndio tunaotunza vitabu vya ada vya shule ile, kwa hiyo kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo tumebadilisha namna tunavyogawa malipo ya watoto wa nyumba moja, na tunaona ni haki wazazi na wakuu wa shule tunazozihudumia waelewe hesabu inavyokwenda.

Kosa lilianza hivi. Mfumo wa malipo humpa kila mtoto namba yake, lakini mzazi mwenye watoto watatu kwa kawaida huwa na namba moja tu kwenye simu, ile ya mtoto wa kwanza kuandikishwa. Anapopata pesa huiingiza namba ileile, na moyoni anajua amelipia watoto wake wote. Kompyuta haijui hivyo. Majina nayo hayasaidii, kwa sababu kwetu Uganda watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina ya ukoo matatu tofauti, huku watoto wawili wanaoitwa Wandera wakawa hawana udugu wowote. Jina la aliyetuma pia huweza kuwa la jirani aliyeazima simu, au la wakala. Kwa hiyo hatumtambui ndugu kwa jina. Wakati wa kuandikisha tunauliza swali moja: nani analipia mtoto huyu? Watoto wenye mlipaji mmoja tunawaweka chini ya nyumba moja kwenye kitabu, lakini kila mmoja anabaki na ukurasa wake na deni lake.

Sasa turudi kwenye zile laki nne. Ada ya muhula ni 450,000 kwa darasa la saba, 320,000 kwa la nne na 280,000 kwa la kwanza. Shule inapokea kwa awamu tatu: nusu wiki ya kufungua, asilimia 30 wiki ya tano, na asilimia 20 wiki ya tisa. Kwa hiyo awamu ya kwanza ni 225,000, 160,000 na 140,000, jumla 525,000. Tena yule wa darasa la nne alikuwa na deni la 60,000 la muhula uliopita.

Malipo yakiingia kwenye namba ya mtoto mwenye ndugu, hatuyabandiki tena papo hapo. Yanakaa kwenye ukurasa wa kusubiri, na mzazi anapata ujumbe unaotaja kiasi na kumwomba aseme nani apate ngapi. Akijibu, neno lake ndilo tunalolifuata. Asipojibu kwa siku mbili, tunagawa kwa tarehe ya deni: lililotangulia kuiva hulipwa kwanza. Hapa 60,000 zinafuta deni la zamani, zinabaki 340,000. Madeni yaliyoiva siku moja hugawana kilichobaki kwa uwiano wa ukubwa wake:

```
225,000 / 525,000 x 340,000 = 145,714
160,000 / 525,000 x 340,000 = 103,619
140,000 / 525,000 x 340,000 =  90,667
```

Tunashusha kila kiasi hadi mia tano iliyo karibu, na 500 inayobaki tunampa mwenye deni kubwa. Matokeo: darasa la saba 146,000, la nne 103,500, la kwanza 90,500. Kila mtoto amefikia karibu asilimia 65 ya awamu yake. Bado nyumba inadaiwa 185,000, lakini hakuna mtoto mwenye sifuri, na mwalimu mkuu anaona ukweli wa nyumba nzima kabla hajaandika chiti yoyote.

Baadhi ya wahasibu wanapenda kumjaza mkubwa kwanza kwa sababu ana mtihani wa PLE. Nawaelewa, ila huo ni uamuzi wa mzazi, si wetu. Na mama huyu kweli alituambia baadaye apewe zaidi wa darasa la saba. Tulimhamishia 40,000 kutoka kwa wa darasa la nne. Hatukufuta mstari wa zamani. Tuliandika mstari wa kutoa kwa mmoja na wa kuingiza kwa mwingine, pamoja na tarehe na jina la aliyeomba, kisha tukatoa risiti mpya inayotaja namba ya ile ya kwanza. Risiti ni moja, ina mistari mitatu, na jumla yake haibadiliki: 400,000.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona, kwa sababu halimuumizi mzazi, linaiumiza shule. Baba anaonyesha ujumbe wa malipo ya laki mbili kwa karani, naye anamwandikia mtoto mdogo. Jioni mhasibu anapakua ripoti ya malipo, anakuta pesa zilezile, anamwandikia mtoto mkubwa. Laki mbili zimekuwa laki nne kwenye kitabu. Dawa yake ni namba ya muamala iliyo ndani ya ule ujumbe. Kitabu chetu hukataa namba hiyo isiingizwe mara ya pili, hata ikija kwa jina la mtoto mwingine. Na kila jioni jumla ya ripoti lazima ilingane na tulichogawa pamoja na kilicho kwenye ukurasa wa kusubiri. Usitegemee ilingane mtoto kwa mtoto, maana ripoti itaendelea kuonyesha laki nne zote kwa yule wa darasa la saba. Ikipungua au kuzidi kwenye jumla, ndipo kuna kasoro.

Kuna mahali ambapo kugawa kwa nyumba hakufai kabisa. Mjomba akimlipia mpwa wake mmoja, huku baba akiwalipia wengine, pesa za mjomba zisiguse deni la wale wengine, hata kama wote wanalala chumba kimoja. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye mfadhili. Hao tunawaandika kama nyumba tofauti. Pia pesa ya chakula au ya usajili wa mtihani hatuichanganyi na ada katika uwiano huu. Ina mstari wake, na mzazi huitaja mwenyewe.

Kabla muhula haujafunguliwa tunapiga simu kwa kila mwenye watoto zaidi ya mmoja kuuliza kama mlipaji ni yuleyule. Mzazi, kama mambo yamebadilika nyumbani kwako, tuambie kabla ya kutuma awamu ya kwanza. Na ukishatuma, tujibu ujumbe wetu kwa namna hii, kila darasa na kiasi chake:

```
P7 200000 P4 100000 P1 100000
```