Ripoti yako ya friji: tuikate nusu bila kupoteza kitu

Shoga yangu,

Za siku, za kituoni. Ripoti ya friji ya chanjo nimeisoma yote, kurasa tano, mara ya pili nikiwa na kalamu ya rangi mkononi. Kazi mliyofanya ile asubuhi ni kubwa, ila mratibu wa chanjo wilayani ana ripoti za vituo vingi mezani na kufika ukurasa wa nne ni bahati, na jambo zito kuliko yote umeliweka hukohuko wa nne, kwamba watoto wanne walishachomwa chanjo ya penta ya friji hiyo iliyozidisha baridi usiku, kabla hamjasimamisha kliniki. Hilo lipande juu, sentensi ya kwanza kabisa.

Sasa usianze kufuta. Kwanza pigia rangi kila penye saa, namba, mtu aliyefanya kitu, na matokeo, afu vihamishie vyote kwenye karatasi ya pembeni. Mi nimefanya na havikujaza hata ukurasa mmoja, mengine yote ni maelezo ya kuzungukia au ni jambo lilelile limerudiwa. Hiyo karatasi itunze maana ukimaliza kukata utakagua nayo moja moja.

Kwenye marudio ndo pana mtego. Kengele ya kifaa cha kurekodi joto umeisimulia mara tatu, na mtu akiwa na haraka anafuta mbili anabakiza moja basi. Lakini ziangalie vizuri, ukurasa wa kwanza unasema imeonekana saa 1:40 asubuhi, maelezo ya muuguzi ukurasa wa tatu yanasema saa 2:15, na kliniki ilianza saa 2:00. Kama ni 2:15, wale watoto walichomwa hakuna aliyejua. Kama ni 1:40, walichomwa mtu akiwa ameshaona kengele, na hapo ni habari nyingine kabisa. Kwahiyo muulize muuguzi kabla hujafuta chochote, na kama hana uhakika andika saa zote mbili na useme nani kasema ipi.

Ona na hii aya yako:

"Majira ya asubuhi, wakati watumishi wakiendelea na maandalizi kama ilivyo kawaida, iligundulika kuwa friji ina changamoto ya joto, jambo lililozua taharuki kubwa, na baada ya mashauriano ya kina ilionekana thamostati ilikuwa imezungushwa."

Mi ningeandika hivi:

"Usiku wa kuamkia Jumatatu joto la friji lilikuwa chini ya nyuzi -0.5 kuanzia saa 8:10 hadi 11:05, likashuka hadi -1.8. Thamostati ilikutwa imezungushwa hadi mwisho. Aliyeizungusha hajajulikana."

Haijawa ndefu na ina saa, ina joto, na ile "iligundulika" isiyo na mtu imeondoka. Hapo kwa aliyezungusha usiogope kusema hajajulikana, ni ukweli, na dhana zako za fundi au mfanya usafi zitoe zote maana huna ushahidi nazo.

Nusu ukurasa wa VVM, ile alama ya kwenye kichupa, nao ubaki sentensi moja. VVM inabadilika rangi kwa joto, baridi haioni, sasa ukiandika kwa kirefu kwamba zote zilikuwa nzuri msomaji anapumua akidhani dozi zimepona, wakati penta ikiganda inaharibika na VVM yake inabaki safi tu. Matone ya polio na surua-rubela kuganda hakuziharibu, sentensi moja inatosha.

Pale usipopaswa kugusa sana ni jaribio la kutikisa. Lazima ibaki kwamba kichupa cha kulinganishia kilikuwa cha kiwanda kilekile na namba ya toleo ileile, kwamba mlikigandisha makusudi kikawa barafu kabisa kisha kikayeyuka, na kwamba mlipovitikisa na kuviweka pamoja, cha kwenye friji kilituama kwa kasi ileile ya kilichogandishwa, yaani nacho kiliganda. Bila hayo mtu anaweza kukataa uamuzi wenu wa kutenga vile vichupa. Na ile namba ya toleo imeandikwa mara moja tu ripoti nzima, katikati ya aya ya kushukuru watumishi, ukifuta shukrani na yenyewe inaenda. Ihamishe kwanza.

Majina ya watoto usiweke kwenye ripoti, weka namba zao za rejista ili wilaya wakiamua warudie dozi muwapate. Karatasi ya kifaa cha joto iwe kiambatisho, usiinakili usomaji wote ndani.

Nimekata mpaka kurasa mbili na nusu, nakutumia leo jioni. Saa ya kengele nimeiacha wazi, ongea na muuguzi afu unijibu kabla hujaituma wilayani.

Wako,
shoga yako