Barua kwa Mwanangu: Radhi Yako Nimeipokea, Lakini Nisikilize Kuhusu Tanki

Tanga, Jumatano baada ya alasiri

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeletewa juzi na mjomba wako. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama mlangoni, na mara ya pili nimekaa, kwa sababu nilipofika pale ulipoandika habari za ada ya chuo miguu iliniishia nguvu. Mama yako aliniomba nimsomee kwa sauti. Nilimsomea yote isipokuwa ile mistari miwili uliyonirudishia maneno yangu mwenyewe ya usiku ule, kwa kuwa yeye hakuyasikia wakati nikiyatamka na sioni faida ya kuyasikia sasa.

Umeniomba radhi kwa mambo matatu: kwamba ulinipazia sauti mbele ya shangazi yako na wageni wake, kwamba ulisema miaka yangu yote ya bandarini imeniachia mgongo mbovu na nyumba isiyo na dari, na kwamba ulichukua ada ya muhula wa uhasibu ukailipia mafunzo ya awali ya ubaharia bila kunishirikisha. La kwanza nilikusamehe kabla sijamaliza kusoma, ila kwa shangazi yako uende mwenyewe, maana radhi yake siwezi kumtolea mimi. La pili liliniuma kwa sababu ni kweli, na dari hadi leo haipo. La tatu bado linanikaa kooni. Fedha hutafutwa zikapatikana. Lakini kwa muda wa miezi mitatu ulikuwa ukirudi jioni, nakuuliza habari za vitabu vya hesabu, nawe unanijibu, tena unanijibu kwa ufasaha wa mtu aliyeshinda darasani. Kwa hilo nakudai barua nyingine.

Uamuzi wenyewe hukuuombea radhi. Umeandika, "Baba, nisamehe kwa namna nilivyosema, lakini nilichokisema sikiondoi." Mwanzoni niliuona mstari huo kuwa ni kiburi. Baadaye nikaona kwamba ungeuombea radhi na uamuzi pia, ungekuwa unanidanganya mara ya pili, kwani tarehe ya kupanda meli umeiandika katika aya inayofuata.

Sasa na mimi niseme langu. Usiku ule nilikuambia kwamba mabaharia ni walevi, kwamba huoa kila bandari na huzeeka bila mtu wa kuwapa maji. Nilisema hayo ili mdomo usikae mtupu. Sababu yangu ilikuwa nyingine, sikuitamka, na mama yako mwenyewe anaijua nusu. Unanieleza kwamba mmefundishwa kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza na usalama wa kazi melini, na kwamba sina haja ya kuiogopa bahari kwa ajili yako. Bahari siiogopi. Naliogopa tanki.

Kabla hujazaliwa nilifanya kibarua katika bandari nyingine, si hii yetu. Palikuwa na tishari moja la chuma lililoanza kuegemea upande. Matishari unayafahamu: pembeni na chini yana vyumba vitupu vinavyoyafanya yaelee, na kila chumba kina tundu la kuingilia lenye kifuniko kilichokazwa kwa boliti. Chumba kimoja kilishukiwa kuvuja, nacho kilikuwa hakijafunguliwa kwa miezi mingi. Tukalegeza boliti, tukachungulia kwa tochi. Chini palikuwa na maji kidogo yasiyofika kifundoni, kuta zilikuwa nyekundu kwa kutu, na harufu haikuwapo ila ile ya chuma kilicholowa. Mwenzetu mmoja akashuka ngazi. Alipofika karibu na chini alikaa taratibu, kama mtu aliyechoka anayetafuta pa kupumzika, akainamisha kichwa. Hakupiga kelele wala hakukohoa. Wa pili alimwita mara mbili, akashuka mbio ili amvute, naye akaanguka juu yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kutia mguu mmoja tunduni, na aliyenikamata shati kwa nyuma alikuwa mzee aliyekuwa akituuzia kahawa. Tuliwatoa kwa kamba na kulabu. Hakupona hata mmoja. Spana ilikuwa mkononi mwangu, na zamu ya kushuka siku ile ilikuwa yangu.

Ilipita miaka kabla sijakutana na mkaguzi mmoja wa meli aliyenieleza kilichowaua. Kutu ni chuma kinachokula oksijeni. Hewa hii tunayoivuta ina oksijeni karibu asilimia 21, na ukiifungia ndani ya chumba cha chuma chenye unyevu, kuta zitaendelea kuila siku baada ya siku hadi ibaki kidogo isiyoweza kumweka mtu hai. Ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huzimia, na ikiwa chini zaidi ya hapo pumzi chache tu zinatosha kumwangusha. Tena mwili hautoi onyo. Kinachomfanya mtu ahisi kifua kinabana ni ile hewa chafu anayotakiwa kuitoa inapomjaa, na mle ndani hewa hiyo hutoka vizuri kabisa. Kinachokosekana ni oksijeni, ambayo upungufu wake mwili hauutambui mapema. Ndiyo maana mwenzetu alikaa kama anayepumzika.

Katika meli utakayopanda, vyumba vya namna hiyo ni vingi kuliko katika tishari letu. Kuna chumba cha mnyororo wa nanga, na kuna matanki ya maji ya kusawazisha meli. Yako pia maghala yenyewe, kwani magogo, makaa ya mawe na vyuma chakavu navyo hula oksijeni vikifungiwa, na hata nafaka hupumua. Ninachokisisitiza zaidi ni ule uchochoro wenye ngazi ya kuteremkia ghalani, kwa sababu baharia mgeni huhesabu kwamba kuwa kwenye ngazi si kuwa ghalani, ilhali hewa ni ile ile.

Unasema mlifundishwa utaratibu. Basi nami nakuandikia ninavyoujua, uulinganishe. Tundu hufunguliwa, feni ikapuliza hewa ndani, kisha hewa ikapimwa kwa kipimo chenye mpira mrefu unaoshushwa juu, katikati na chini, maana hewa ya juu inaweza kuwa nzuri na ya chini ikawa ya kuua. Oksijeni isome 20.9, na gesi za kuwaka na za sumu nazo zipimwe. Kibali kiandikwe na kutiwa saini siku hiyo hiyo, na mlangoni asimame mtu mwenye redio ambaye hana kazi nyingine yoyote. Meli za safari za kimataifa zinatakiwa kuwa na kipimo hicho tangu tarehe 1 Julai 2016, na mazoezi ya kuingia na kuokoa katika vyumba hivyo yanatakiwa kufanywa kila baada ya miezi miwili tangu mwanzo wa mwaka 2015. Kwa hiyo ukikaa melini miezi miwili na zoezi hilo hujaliona, unayo sababu ya kuuliza. Sisi enzi zetu tulikuwa tukishusha kibatari kwa kamba, kisipozimika tunaingia. Ukiona mtu anafanya hivyo mahali ulipo, ondoka hapo, kwa kuwa penye gesi ya kuwaka kibatari hicho hulipua. Barakoa ya kitambaa au ya kichujio haikupi oksijeni ambayo haipo, na kile kichupa kidogo cha hewa cha kukimbilia kimewekwa kwa ajili ya kutoka, si kwa ajili ya kuingia.

Haya yote najua utayashika, kwa kuwa kichwa unacho, na alama zako za mafunzo mjomba wako amezitangaza hadi msikitini, nami sikumzuia. Siogopi kwamba utakuwa wa kwanza kushuka. Naogopa kwamba utakuwa wa pili. Uliyoyafanya kisimani kwa jirani unayakumbuka mwenyewe, siyarudii; kila mtu alikusifu, nami nikakuchapa, na hukuwahi kuniuliza kwa nini. Ukimwona mwenzio amelala chini ya tanki, hata akiwa ni yule mnayelala chumba kimoja, usishuke. Piga kengele ya hatari, wangoje waliovaa mitungi ya hewa na wenye kamba, na usimame pale pale mlangoni ili wa tatu naye asipite. Utaona unafanya ukatili. Fanya ukatili huo. Serahangi akikuambia wewe ni mwoga, nyamaza. Akikuamuru uingie bila kipimo, mjibu kwa adabu kwamba unaomba kukiona kibali, na kama hakipo, usiingie, hata kama wanakutisha kukurudisha nyumbani. Ukirudishwa kwa sababu hiyo, nitakupokea stendi mimi mwenyewe.

Kuhusu nakala ya mkataba uliyoiambatanisha, nimeisoma kwa miwani ya mama yako. Huyo wakala anayekuomba fedha za kukupatia nafasi, usimpe hata senti. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, haumruhusu kukutoza ada ya kukutafutia kazi. Gharama unazobeba mwenyewe ni za cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasi ya kusafiria. Tena ukurasa wa pili una mshahara na idadi ya miezi, lakini jina la mwenye meli silioni. Usitie saini mpaka liandikwe, kwa sababu huyo ndiye anayepaswa kukukatia tiketi ya kurudi. Nawe uliyejifunza uhasibu kwa miezi mitatu ya kwenye hadithi, weka daftari la mshahara wako: miezi miwili ikipita bila kulipwa ulichoandikiwa, sheria inahesabu kwamba umetelekezwa, na msaada unaanzia hapo, si baada ya mwaka mzima wa kungoja ahadi.

Hapa nyumbani, mguu wa mama yako umepungua kuvimba tangu aache kwenda sokoni kwa miguu. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Mabati mawili ya upande wa jikoni yamelegea, na nilipanda kuyagongelea nikashuka kwa sababu ya huu mgongo ulioutaja. Ikiwa utakuja kabla ya kusafiri, njoo na misumari ya bati, kilo moja yatosha, na uje mapema ili tumalize kabla ya magharibi.

Mwisho wa barua yako umeongeza mstari wa kumwomba radhi mdogo wako, uliyemtuhumu kwamba amekipoteza kitabu chako cha baharia, na unasema utaanza kuhangaikia kingine. Usihangaike. Mdogo wako hakukigusa. Kimo katika droo ya cherehani ya mama yako, chini ya vipande vya kanga, na hakikuingia humo chenyewe. Ufunguo ninao mimi.

Ni mimi baba yako.